Kwa nini nyaya za kebo ya mtandao husokotwa, na kwa nini taa nane za tesita hazitoshi

*"Nimevuta kebo ya Cat5e, kama mita 45, kutoka kwenye rauta hadi chumba cha kompyuta cha shule yetu. Kama mita 20 zimepita darini sambamba na waya wa umeme wa taa. Plagi nilibana mwenyewe kwa kufuata rangi: chungwa na mwenzake, kijani na mwenzake, bluu na mwenzake, kahawia na mwenzake, sawa pande zote mbili. Tesita inawasha taa zote nane. Lakini swichi inaonyesha 100 badala ya 1000, mtandao unakatika, na faili kubwa haliishi kushuka. Kipande cha mita mbili nilichobana vivyo hivyo hakina shida. Fundi mmoja anasema umeme unaingia, ninunue kebo yenye ngao. Mwingine anasema ile misokoto ya ndani ni ya kuipa kebo nguvu isikatike. Nimsikilize nani?"*

Ndugu yangu, usinunue kebo nyingine bado, na darini usipande leo. Kwa maelezo uliyotoa, kosa karibu hakika liko kwenye zile plagi mbili za mwisho, na kulirekebisha ni kazi ya muda mfupi na plagi mbili mpya. Fundi wa kwanza ameshika ukweli kidogo, ila ameuweka mahali pasipo pake. Wa pili hajashika kitu: nyaya zile zingekuwa na uimara uleule hata kama zingelazwa sambamba ndani ya ganda. Zinasokotwa kwa sababu ya sumaku, na ukishaelewa sumaku inavyoingia kwenye kebo utaona mwenyewe jinsi mpangilio wako wa rangi ulivyoiondoa kazi ya msokoto bila wewe kujua.

Tuanze na jambo ambalo Michael Faraday alilionyesha mwaka 1831. Waya wowote unaopitisha mkondo huzungukwa na uga wa sumaku. Mkondo ukibadilika, uga nao hubadilika. Na uga unaobadilika ukipita katikati ya kitanzi cha waya, volti huzaliwa ndani ya kitanzi hicho, hata kama hakijagusana na waya wa kwanza popote. Ndivyo transfoma inavyofanya kazi. Volti hiyo huongezeka uga ukiwa na nguvu zaidi, eneo la kitanzi likiwa kubwa zaidi, au uga ukibadilika kwa kasi zaidi.

Huenda unajiuliza kitanzi kiko wapi kwenye kebo iliyonyooka. Kumbuka kwamba ishara haisafiri kwa waya mmoja. Inakwenda kwa waya mmoja na kurudi kwa mwingine, na kule mwisho nyaya hizo mbili zinaunganishwa na kifaa, huku mwanzoni zikiunganishwa na kifaa kingine. Hicho ni kitanzi kamili. Ni chembamba sana, kwa sababu kati ya waya na mwenzake kuna kama milimita moja tu, lakini kina urefu wa mita 45. Uga wowote unaopenya kwenye nafasi ile ya milimita moja, kwa urefu wote huo, unaacha volti yake humo.

Tuipigie hesabu, tuone huo umeme wa dari una nguvu gani. Chukua hali mbaya kuliko ya kwako: waya mmoja wa umeme, peke yake bila mwenzake wa kurudi karibu, unabeba ampea 10 na uko sentimita 10 kutoka kwenye kebo yako kwa urefu wa mita 20. Uga wake mahali pa kebo ni kama mikrotesla 20. Tuchukulie nyaya zako mbili hazijasokotwa, zimelala sambamba kwa milimita moja: mita 20 mara milimita moja ni eneo la mita za mraba 0.02. Kwa umeme wa hezi 50, volti inayozaliwa ni kama milivolti 0.13. Ishara ya mtandao inapotoka kwenye swichi ina kimo cha kama volti moja, yaani mara elfu kadhaa ya hiyo. Na hali yako ni nafuu zaidi, kwa sababu waya wa taa una laivu na nyutro ndani ya ganda moja. Mkondo wa moja unakwenda na wa nyingine unarudi, na nyuga zake karibu zinafutana. Zikiwa na nafasi ya milimita 5 kati yake, uga unaobaki pale kwenye kebo yako hushuka karibu mara ishirini. Isitoshe, kwenye kila tundu la mtandao kuna vitransfoma vidogo ambavyo hupitisha hezi 50 kwa shida. Kwa hiyo umeme wa taa, kama umeme, haujakukatia mtandao.

Ila angalia kile kigezo cha tatu, kasi ya kubadilika. Taa za kisasa za LED, chaja na pampu zenye vifaa vya kurekebisha kasi hutoa uchafu wa masafa ya juu sana. Tuseme kwenye waya uleule kuna mkondo wa milliampea 10 tu, ambao ni mdogo mara elfu moja kuliko ampea 10, lakini unabadilika kwa masafa ya megahezi moja. Ukirudia hesabu ileile unapata milivolti 2.5, mara ishirini ya zile za mwanzo. Namba hii iweke akilini, milliampea 10 kwa masafa ya juu, kwa sababu tutakutana nayo tena mahali pabaya zaidi.

Sasa tusokote. Ziite nyaya hizo A na B. Mwanzoni A iko kushoto na B iko kulia, na uga unapita kati yake kutoka juu kwenda chini. Volti ndogo inazaliwa kwenye kipande hicho, tuseme inasukuma mbele kwenye A na nyuma kwenye B. Baada ya nusu mzunguko nyaya zimebadilishana: A iko kulia, B iko kushoto. Uga haujabadilika, bado unatoka juu kwenda chini, lakini kwa mtazamo wa kitanzi umeingilia upande wa pili. Volti inayozaliwa hapo inasukuma nyuma kwenye A na mbele kwenye B. Vipande hivyo viwili vimo kwenye mnyororo mmoja, hivyo volti zake zinajumlishwa, na jumla ya kitu na kinyume chake ni sifuri. Nusu mzunguko unaofuata unaanza upya, na ule baada yake unafuta.

Kwenye kebo kama yako, mzunguko mmoja kamili huchukua takriban sentimita moja na nusu hadi mbili. Ndani ya mita 20 kuna mizunguko zaidi ya elfu moja, na kila mmoja unajisafishia wenyewe. Kwa nadharia kinachoweza kubaki ni nusu mzunguko mmoja usio na wa kuufuta, ambao ni kipande cha milimita 7 hadi 10 badala ya mita 20. Kwa vitendo kebo haiwi kamilifu kiasi hicho, kwa sababu msokoto hauko sawasawa kila mahali na kebo ikikunjwa kwa nguvu nyaya huachana kidogo. Hata hivyo punguzo ni kubwa mno.

Ufutaji huu una sharti moja: uga uwe karibu sawa kwenye nusu mzunguko mmoja na ule unaoufuata. Chanzo kikiwa sentimita 10 mbali na msokoto ni wa sentimita moja na nusu, sharti hilo linatimia vizuri. Chanzo kikiwa milimita mbili mbali, nusu mzunguko mmoja unaweza kuwa karibu nacho na unaofuata ukawa mbali nacho, na hesabu haifungi. Ndiyo maana kebo za daraja la juu husokotwa kwa kubana zaidi.

Kuna kazi ya pili ya msokoto ambayo watu huisahau. Mbali na volti ya kitanzi, nyaya zote mbili kwa pamoja zinaweza kupanda na kushuka volti ukilinganisha na ardhi, hasa kwa sababu ya uga wa umeme wa nyaya jirani. Msokoto hauzuii hilo. Unachofanya ni kuhakikisha A na B zinakaa karibu na jirani kwa zamu, kwa hiyo zinapanda na kushuka kwa kiasi kilekile. Halafu kipokezi kule mwisho hakipimi volti ya waya mmoja. Kinapima tofauti kati ya A na B, kama mizani ya mikono miwili: ukiongeza uzito uleule kwenye visahani vyote viwili, mkono hausogei. Ishara yenyewe hutumwa ili A ipande B inaposhuka, kwa hiyo ishara ndiyo inayousogeza mkono, na uchafu unabaki umetulia. Ukisokota nyaya mbili lakini ukatuma ishara kwenye mmoja huku mwingine umeufunga kwenye ardhi upande mmoja tu, sehemu kubwa ya faida hii unaitupa.

Haya hayakuanzia kwenye kompyuta. Laini za simu za mwanzo zilikuwa na waya mmoja juu ya nguzo, na mkondo ulirudi kupitia ardhini. Hebu fikiria ukubwa wa kitanzi hicho! Kila telegrafu na kila laini ya umeme iliyopita jirani ilisikika kwenye simu. Alexander Graham Bell alipata hataza ya laini ya simu ya nyaya mbili zilizosokotwa mwaka 1881, na hoja yake ndiyo hii hii, kwamba nyaya zote mbili zipate usumbufu sawa ili ufutike. Kwenye nguzo, ambako nyaya tupu zinatenganishwa na vikombe vya kauri, huwezi kusokota kila sentimita mbili. Mafundi walizibadilishia nafasi kila baada ya nguzo kadhaa, wa kushoto ukaenda kulia, wa kulia ukaja kushoto. Huo ni msokoto uleule, ila mzunguko wake mmoja unachukua mamia ya mita.

Na kwa simu sumaku ya hezi 50 ilikuwa adui wa kweli. Nyaya mbili zilizoachana sentimita 30 kwa kilomita moja zina kitanzi cha mita za mraba 300. Ampea moja tu kwenye waya wa umeme ulio mita mbili pembeni, bila mkondo wa kurudi karibu, inatosha kuzaa kama milivolti 9 kwenye kitanzi hicho. Sauti ya mtu iliyosafiri mbali ikifika sikioni ni dhaifu, wakati mwingine milivolti chache tu, na ngurumo ya namna hiyo inaifunika. Kwa hiyo fundi wako wa kwanza amerithi hofu ya haki, lakini ni ya laini ndefu za simu. Kebo ya mita 45 yenye kitanzi cha milimita moja ina adui mwingine, na huyo yuko ndani ya ganda lake.

Turudi kwenye plagi zako. Umepanga hivi, kwa kuhesabu pini 1 hadi 8: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, kijani, nyeupe-bluu, bluu, nyeupe-kahawia, kahawia. Kwa macho inapendeza, kila rangi imekaa na mwenzake. Shida ni kwamba swichi haioni rangi. Swichi inajua kwamba jozi zake ni pini 1 na 2, pini 3 na 6, pini 4 na 5, pini 7 na 8. Ile 3 na 6 inaruka juu ya 4 na 5.

Kwa hiyo ishara ya pini 3 na 6 kwako inakwenda kwa waya mweupe-kijani na kurudi kwa waya wa bluu. Mweupe-kijani umesokotwa na kijani. Bluu imesokotwa na nyeupe-bluu. Mweupe-kijani na bluu hazijawahi kusokotana hata mara moja kwa urefu wa mita 45. Kila mmoja anazunguka na mtu mwingine. Kitanzi chao ni ile nafasi iliyo kati ya jozi mbili, ni kipana kuliko milimita moja, na hakigeuki kila nusu mzunguko ili kujifuta. Kibaya zaidi, pini 4 na 5 zimepata kijani na nyeupe-bluu. Kwa hiyo mweupe-kijani amekumbatiana, tangu mwanzo wa kebo hadi mwisho, na waya unaobeba ishara ya jozi nyingine kabisa.

Sasa ile namba inarudi. Ishara ya volti moja kwenye jozi yenye ukinzani wa omu 100 ni mkondo wa milliampea 10, na kwa kasi ya gigabiti, yaani ile 1000 unayoitafuta, inabadilika kwa makumi ya megahezi. Ni mkondo sawa na ule tuliouogopa kwenye waya wa dari, lakini hapa hauko sentimita 10 pembeni. Umegusana ganda kwa ganda na waya unaopokea.

Na jozi hizo mbili ndizo zinazoeleza dalili zako moja baada ya nyingine. Gigabiti hutumia jozi zote nne kwa pamoja, kutuma na kupokea. Vifaa vyake vina hesabu za kuondoa kuvujiana kidogo kati ya jozi, lakini hesabu hizo zilitayarishwa kwa kebo iliyofungwa sawasawa. Kwenye kebo yako 3 na 6 inavujia moja kwa moja kwenye 4 na 5, kifaa kinajaribu kuanzisha 1000, kinashindwa, na vingi vikishindwa hushuka hadi 100. Kwa 100 hutumika 1 na 2 pamoja na 3 na 6 tu. Pini 4 na 5 zinakaa kimya, kwa hiyo mtandao unasimama, lakini jozi yako ya 3 na 6 bado ni kitanzi kilicho wazi. Inaokota ishara ya jozi ya chungwa na uchafu wowote unaopita jirani, pamoja na ule wa dari. Hapa ndipo ule ukweli kidogo wa fundi wa kwanza unapokaa: uchafu wa dari unaweza kuwa unaongeza madhara, lakini mlango ameufungua aliyebana plagi.

Kipande cha mita mbili hakina shida kwa sababu mbili. Urefu wa kuvujiana ni mdogo, na ishara inayofika bado ina nguvu karibu zote. Kwenye mita 45, kwa masafa ya megahezi 100, ishara hufika ikiwa na kama theluthi moja ya volti iliyoondoka nayo. Hapohapo kwenye plagi ileile kifaa kinatuma ishara yake mpya yenye nguvu kamili. Kinachovuja kutoka kwa mwenye nguvu kinaingia kwa aliyechoka safari. Hata hivyo kipande hicho usikiache kikae kazini, kibane upya nacho.

Na tesita? Imekujibu sawasawa kwa swali ililoulizwa. Tesita ya taa nane hupitisha mkondo mdogo wa polepole kwenye kila waya na kuangalia kama pini 1 imefika pini 1, 2 imefika 2, na kuendelea. Zote zimefika. Haina njia ya kujua nani amesokotwa na nani, kwa sababu kwa mkondo wa polepole msokoto hauna maana yoyote. Binafsi naona tesita hizi zingeandikwa hivyo kwenye boksi, zimewapotosha mafundi wengi kwa kosa hili hili.

Kabla hujakata kitu, fanya jaribio moja la bure ili ujiridhishe. Kama chumbani kuna kompyuta ya Linux, ichomekee kebo hiyo ya mita 45 moja kwa moja, angalia kasi na makosa, kisha tuma pakiti kubwa kwenda kwenye rauta. Jina `eth0` na anwani ya rauta vibadilishe viendane na vyako.

```
ethtool eth0 | grep Speed
ip -s link show eth0
ping -c 500 -s 1400 192.168.1.1
```

Kwenye jibu la amri ya pili tazama safu ya `errors` chini ya `RX`. Iandike namba hiyo, endesha `ping`, uitazame tena. Halafu zima mzunguko wa taa kwenye kisanduku cha fyuzi, uache umeme wa soketi za kompyuta na swichi, na urudie. Kama makosa yanaongezeka vilevile taa zikiwa zimezimwa, umeme wa dari si mkosaji. Kama yanapungua lakini hayaishi, bado plagi ndiyo ya kwanza kushughulikiwa.

Kisha kata plagi zote mbili na upange upya kwa utaratibu unaoitwa T568B: pini 1 nyeupe-chungwa, 2 chungwa, 3 nyeupe-kijani, 4 bluu, 5 nyeupe-bluu, 6 kijani, 7 nyeupe-kahawia, 8 kahawia. Ukiangalia vizuri, umebadilishana nyaya mbili tu: kijani iliyokuwa pini 4 na bluu iliyokuwa pini 6. Sasa pini 3 na 6 zote ni za jozi ya kijani, na 4 na 5 zote ni za bluu. Mpangilio huu unaoonekana wa ajabu umetokana na simu: laini ya kwanza ya simu hukaa kwenye pini mbili za katikati, ya pili huizunguka kwa nje, na mtandao wa kompyuta ulirithi tundu hilo.

Unapobana, usifumue msokoto zaidi ya milimita 13 kutoka kwenye pini. Mafundi wengi huvua ganda sentimita nne au tano, wakanyoosha nyaya vizuri kama kuni za mzigo, kisha wakabana. Sentimita hizo ni kitanzi kilicho wazi, na kiko mahali pabaya kuliko pote, kwenye mdomo wa kifaa ambako ishara inayotoka ina nguvu na inayoingia ni dhaifu. Ganda la nje nalo liingie ndani ya plagi ili kile kikabari cha plastiki kilishike. Jambo jingine utakaloliona ukivua ganda: jozi nne hazisokotwi kwa kasi moja, moja ina mizunguko mingi kwa mita kuliko nyingine. Ni kwa makusudi. Jozi mbili zenye msokoto sawa zikienda bega kwa bega, kila nusu mzunguko wa moja ungekutana na nusu ileile ya nyingine, na ufutaji kati yake usingetokea. Kwa hiyo usijaribu kuziongezea misokoto kwa mkono ili zilingane.

Ukimaliza, endesha amri zilezile. Kasi isome `1000Mb/s` na makosa yasiongezeke. Nategemea hadithi itaishia hapo.

Kuhusu kebo yenye ngao, hata ukiinunua na kuibana kwa mpangilio wa zamani, tatizo litabaki, kwa sababu ngao imezunguka jozi kwa nje na kuvujiana kwako kuko ndani. Tena karatasi ile ya alumini haizuii sumaku ya hezi 50. Ili kuipunguza kwa metali ya kawaida kama shaba ungehitaji unene wa karibu sentimita moja, na karatasi ile ni sehemu ndogo ya milimita. Inasaidia kwa masafa ya juu, karibu na mashine za kuchomelea au mota kubwa, na inasaidia tu ikiwa imeunganishwa vizuri na ethi kupitia plagi za chuma. Kwa chumba cha shule, kebo ya kawaida iliyobanwa vizuri inatosha.

Ikiwa baada ya plagi mpya makosa bado yapo, angalia nyaya zenyewe. Kwangua ncha ya waya mmoja kwa wembe: ikionekana nyeupe chini ya rangi ya shaba, umeuziwa alumini iliyopakwa shaba. Ina ukinzani mkubwa zaidi, huvunjika ndani ya plagi, na kwa mita 45 inaweza kukupa dalili zinazofanana na hizi. Hiyo haina dawa ila kubadilisha. Kama ni shaba tupu, basi tafuta fundi mwenye kipimo kinachothibitisha kebo kwa masafa hadi megahezi 100 na kuonyesha kuvujiana kwa kila jozi na jozi. Kipimo hicho ni ghali, usikinunue kwa kebo moja, lipia upimaji.

Waya wa dari nao utenganishe utakapopata nafasi, sentimita 20 au 30 zinatosha kwa waya wa taa, na inapobidi kuvukana zivukane kwa pembe mraba. Hapa sababu kubwa ni usalama. Kama umekuta kebo yako imepita ndani ya paipu moja na nyaya za umeme, usiivute mwenyewe: mwite fundi umeme mwenye leseni azime na kuitoa, kwa sababu ganda la waya wa umeme likichubuka humo, volti 230 zitafika kwenye kompyuta na kwenye mikono ya wanafunzi. Na kama rauta iko jengo moja na chumba cha kompyuta kiko jengo jingine, kila moja likiwa na ethi yake, nitakushauri uachane na shaba na uweke faiba kati ya majengo, maana radi ikipiga karibu, ethi mbili hupishana kwa maelfu ya volti, na hapo nyaya zote nane hupanda kwa pamoja kupita kiwango ambacho vitransfoma vya tundu vinaweza kuvumilia.